Open Sans isipopakiwa: Arial au Verdana iwe fonti ya akiba ya jarida la barua pepe?

Jarida la barua pepe husomwa ndani ya programu ambayo mtumaji hakuichagua, na programu hiyo ndiyo yenye kauli ya mwisho kuhusu sura ya herufi. Ukurasa wa tovuti ukiagiza fonti yake kutoka kwenye seva, karibu kila kivinjari kitaipakia. Barua pepe ikiagiza fonti ileile, programu nyingi hulipuuza agizo hilo kimyakimya, bila kumwonyesha msomaji wala mtumaji dalili yoyote ya kosa. Hapo ndipo mlolongo wa fonti za akiba unapoanza kazi: programu huanza na jina la kwanza, ikilikosa huenda la pili, kisha la tatu, mpaka ipate fonti iliyomo ndani ya kifaa cha msomaji.

Katika makala haya nitalinganisha milolongo michache kwa kutumia jarida moja tu, kwa sababu uamuzi huu hauwezi kufanywa hewani. Jarida lenyewe lina safu moja ya maandishi, limesanifiwa kwa fonti ya Open Sans, maandishi yake ni ya pikseli 16, na vichwa vyake vya habari ni vya pikseli 28. Kichwa cha toleo ninalolitumia kama mfano kinasomeka "Mkutano wa wanachama". Swali ni hili: pale ambapo Open Sans haitapakiwa, jina la pili katika mlolongo liwe lipi?

Kwanza tujue ni nani atakayeiona Open Sans na nani hataiona. Apple Mail, ya kompyuta za Mac na ya iPhone, hupakia fonti inayoagizwa na barua, na Thunderbird hufanya vivyo hivyo. Gmail haipakii, iwe ndani ya kivinjari au kwenye simu. Yahoo Mail na Outlook.com nazo hazipakii. Outlook ya zamani ya Windows, ile inayosakinishwa kwenye kompyuta na ambayo tangu toleo la 2007 huchora barua kwa mtambo wa Word, haipakii pia, na ina tabia yake ya pekee nitakayoieleza baadaye kidogo. Kwa hiyo msomaji mmoja akifungua jarida katika Gmail ndani ya iPhone yake, na mwenzake akalifungua katika Apple Mail kwenye simu ya aina hiyohiyo, wataona herufi tofauti ingawa barua ni moja.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa jambo hili, na sababu ya kuchelewa kwangu inastahili kutajwa kwa kuwa huwanasa wengi. Nilikuwa nikijitumia barua ya majaribio, naifungua katika Gmail kwenye kivinjari cha kompyuta yangu, na kila mara Open Sans ilikuwa inaonekana vizuri kabisa. Nikaamini kwamba Gmail imeipakia. Kumbe Open Sans ilikuwa imesakinishwa kwenye kompyuta yangu tangu siku za usanifu wa nembo, na kivinjari kilikuwa kikiichukua humohumo ndani kwa sababu jina lake lilikuwa la kwanza kwenye mlolongo. Gmail haikuwa imepakia chochote. Baada ya jarida kwenda, katibu wa chama aliniandikia: "Ndugu, barua imefika salama, lakini herufi zake zimekuwa kama za waraka wa zamani, na kile kichwa kimekuwa chembamba sana." Aliambatisha picha ya skrini yake. Alikuwa anatumia Outlook ya Windows, na jarida lote lilikuwa limeandikwa kwa Times New Roman, fonti ambayo sikuwa nimeitaja popote.

Kwa hiyo jaribio la kwanza la kuaminika ni kuiondoa fonti hiyo kwenye kompyuta yako, au kulifungua jarida kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa nayo. Njia ya haraka zaidi ni kulibadilisha kwa muda jina la kwanza ndani ya msimbo, kwa mfano kuandika 'Open Sansx', ambalo hakuna kifaa kitakachokuwa nalo. Unachokiona hapo ndicho wanachokiona wasomaji wengi.

Sasa tuje kwenye ulinganisho wenyewe. Fonti mbili zinaweza kufanana kwa sura na bado zikatofautiana katika mambo mawili yanayovunja mpangilio: upana wa herufi, na kimo cha herufi ndogo kama a, n na o ukikilinganisha na ukubwa wa fonti uliotajwa. Upana ndio unaoamua kama kichwa kitakaa kwenye mstari mmoja. Kimo cha herufi ndogo ndicho kinachoamua kama maandishi ya pikseli 16 yataonekana makubwa au madogo machoni, kwa kuwa fonti mbili zilizoandikwa kwa ukubwa uleule wa pikseli si lazima zionekane sawa. Nimekokotoa upana wa kichwa chetu kwa kujumlisha upana wa kila herufi na nafasi zake, kwa pikseli 28 na uzito wa kawaida. Tarakimu za upana zimekadiriwa hadi pikseli nzima iliyo karibu.

| Fonti | Upana wa "Mkutano wa wanachama" | Kimo cha herufi ndogo kwa ukubwa wa 1 |
|---|---|---|
| Open Sans | 326 | 0.535 |
| Arial | 310 | 0.519 |
| Roboto | 312 | 0.528 |
| Verdana | 347 | 0.545 |
| Georgia | 308 | 0.481 |
| Times New Roman | 280 | 0.447 |

Tuchukue simu ambayo skrini yake ina upana wa pikseli 375 katika hesabu ya kivinjari. Ukiacha pambizo ya pikseli 20 kila upande, maandishi yanabaki na nafasi ya pikseli 335. Open Sans inaingia kwa upana wa 326 na kubakiza nafasi kidogo. Arial inaingia kwa 310. Verdana, yenye 347, haiingii: neno "wanachama" linashuka peke yake kwenye mstari wa pili, kichwa kinakuwa cha mistari miwili, na kila kilicho chini yake kinasukumwa. Ukitumia uzito mzito, kama vichwa vingi vinavyofanywa, pengo linazidi kupanuka, kwa sababu Verdana nzito hunenepa kuliko Arial nzito; kichwa hikihiki katika Verdana nzito kinafika karibu pikseli 390.

Ukitazama kimo cha herufi ndogo pekee ungesema Verdana ndiyo ndugu wa karibu wa Open Sans, kwa kuwa 0.545 iko jirani zaidi na 0.535 kuliko 0.519 ya Arial. Ukitazama upana, Arial ni nyembamba kuliko Open Sans kwa takriban asilimia 5, na Verdana ni pana kuliko hiyo kwa zaidi kidogo ya asilimia 6. Umbali wa pande mbili unakaribiana, lakini madhara yake hayalingani hata kidogo. Fonti ya akiba iliyo nyembamba huacha nafasi tupu upande wa kulia wa kichwa, jambo ambalo msomaji halitambui. Fonti ya akiba iliyo pana huvunja mstari, hujaza kitufe mpaka maandishi yake yakatike mara mbili, na hushusha neno la mwisho la menyu chini ya mengine. Ndiyo maana, pale ambapo hakuna fonti inayolingana kikamilifu, mimi huchagua iliyo nyembamba kidogo kuliko ile halisi, wala si pana.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niegemee Arial, na naiona kuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Jina unaloliandika kwenye mlolongo halimaanishi kwamba kila kifaa kina fonti hiyo. Android haina Arial wala Verdana. Ndani ya orodha yake ya fonti, majina yote mawili, pamoja na Helvetica na Tahoma, yameelekezwa kwenye fonti ya kawaida ya mfumo isiyo na vimkia kwenye ncha za herufi, ambayo tangu Android 4.0 ya mwaka 2011 ni Roboto. Kwa hiyo jarida lenye akiba ya Arial litaonekana kwa Arial kwenye Windows na kwa Roboto kwenye Android, na ukirudi kwenye jedwali utaona kwamba kichwa chetu ni pikseli 310 huku na 312 kule. Tofauti ya pikseli mbili haivunji chochote. Jarida lenye akiba ya Verdana litakuwa na kichwa cha pikseli 347 kwenye Windows na 312 kwenye Android. Maana yake ni kwamba mwenye kuchagua Verdana anajipa akiba mbili zisizofanana, na itambidi apime mpangilio wake mara mbili, wakati mwenye kuchagua Arial kwa kweli ana akiba moja yenye majina mawili.

Kwenye vifaa vya Apple hali ni nyepesi zaidi, kwa kuwa Mac na iPhone zina Arial, Helvetica, Verdana na Georgia zote. Wapo wanaobishana kama Helvetica itangulie Arial au Arial itangulie Helvetica. Kwa mpangilio wa jarida ubishi huo hauna uzito: Arial ilichorwa katika kampuni ya Monotype mwaka 1982 ili upana wa herufi zake ulingane na ule wa Helvetica, hivyo mistari itavunjika palepale ukiweka yoyote kati ya hizo mbili.

Verdana hata hivyo si chaguo baya, na ningependa kuitendea haki. Ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft na kutolewa mwaka 1996, wakati skrini zilikuwa na pikseli chache, na kila kitu ndani yake kinahudumia usomaji wa herufi ndogo kwenye skrini hafifu: nafasi kubwa kati ya herufi, matumbo mapana ya a na e, na tofauti ya wazi kati ya herufi kubwa I, herufi ndogo l na tarakimu 1. Katika Arial, herufi kubwa I na herufi ndogo l ni vijiti viwili vinavyokaribia kuwa kimoja. Kama jarida lako lina namba za kumbukumbu zinazochanganya herufi na tarakimu, au maelezo mengi ya pikseli 12 na 13 chini ya jedwali, Verdana itamsaidia msomaji mahali ambapo Arial itamchosha. Sharti lake ni kwamba mpangilio uwe na nafasi: safu moja, vichwa vinavyoruhusiwa kuwa vya mistari miwili, na vitufe ambavyo upana wake haukufungwa kwa idadi maalumu ya pikseli.

Njia ya tatu inayopendekezwa mara nyingi ni mlolongo wa fonti za mfumo, yaani kuandika majina kama -apple-system, 'Segoe UI' na Roboto kwa kufuatana, ili kila msomaji aone fonti aliyoizoea kwenye kifaa chake. Kwa jarida ambalo halina fonti maalumu kabisa, hili ni wazo zuri. Kama akiba ya Open Sans silipendi sana, kwa sababu linakuletea fonti tatu ambazo hazikuchorwa kwa vipimo vya pamoja, na Segoe UI ya Windows ina herufi ndogo fupi zaidi kuliko Open Sans, hivyo maandishi yaleyale huonekana yamepungua ukubwa. Isitoshe, jina la kwanza katika mlolongo huo halitambuliwi na Outlook ya zamani, na hapo tunarudi kwenye picha aliyonitumia katibu.

Outlook inayotumia mtambo wa Word haifuati mlolongo kama vivinjari vinavyoufuata. Ikikutana na fonti iliyoagizwa kwa `@font-face` au kwa kiungo cha nje, mara nyingi haishuki kwenye jina la pili hata kama jina hilo ni Arial na Arial imo kwenye kompyuta. Inaruka moja kwa moja hadi Times New Roman. Ndiyo maana mlolongo wangu, ambao niliuandika kwa usahihi, haukunisaidia kitu. Angalia tena jedwali: Times New Roman ina upana wa 280 na kimo cha 0.447, ambacho ni chini ya Open Sans kwa karibu moja ya sita. Maandishi ya pikseli 16 yanaonekana kama ya pikseli 13 na ushei. Msomaji wa Outlook hakuona tu fonti nyingine, bali aliona herufi ndogo kuliko nilizokusudia, na malalamiko ya katibu kwamba kichwa kimekuwa chembamba yalikuwa sahihi kwa vipimo.

Dawa yake ni kuzungumza na Outlook peke yake kupitia maoni yenye sharti, ambayo programu nyingine huyachukulia kuwa maoni ya kawaida na kuyapita. Kwanza, agizo la fonti linafichwa ili Outlook isilione kabisa:

```
<!--[if !mso]><!-->
<link href="https://fonts.googleapis.com/css?family=Open+Sans:400,700" rel="stylesheet">
<!--<![endif]-->
```

Kisha Outlook inapewa amri yake yenyewe, ambayo ndani yake Open Sans haitajwi hata mara moja:

```
<!--[if mso]>
<style>
body, table, td, p, a, h1, h2 {
  font-family: Arial, sans-serif !important;
}
</style>
<![endif]-->
```

Hapa pana faida moja ambayo Gmail haikupi. Kwa kuwa amri hii inasomwa na Outlook tu, unaweza kurekebisha humo ukubwa wa maandishi pia, kwa mfano kupunguza vichwa kutoka pikseli 28 hadi 26 kama umeamua kuipa Outlook Verdana. Kwa programu nyingine haiwezekani kusema "ukitumia Arial, tumia ukubwa huu, ukitumia Verdana, tumia ule", kwa sababu ukubwa hutajwa mara moja na hutumika kwa jina lolote litakalopatikana. Wasanifu wa tovuti wana `size-adjust`, inayowekwa ndani ya `@font-face` ili kuifanya fonti ya akiba ilingane na ile halisi. Katika barua pepe haitufai, kwani programu inayokubali kusoma `@font-face` ndiyo ileile inayoipakia Open Sans yenyewe, na isiyoisoma haitaona marekebisho hayo pia.

Wapo wanaoona kwamba Outlook ya zamani iko njiani kuondoka, na kwamba haifai kuisumbukia. Outlook mpya ya Windows kwa kweli huchora barua kwa njia ya kivinjari na haina tatizo hili la kuruka mlolongo. Lakini Microsoft imesema kwamba Outlook ya zamani itaendelea kuhudumiwa angalau hadi mwaka 2029, na mahali inapotumika zaidi ni maofisini, ambako msomaji hana uwezo wa kujibadilishia programu. Mistari hii michache ya msimbo inaandikwa mara moja kwenye kiolezo na kutumika katika kila toleo.

Mlolongo wenyewe, kwa ajili ya programu nyingine zote, ninauandika ndani ya kila seli ya jedwali la mpangilio badala ya kuutegemea ule wa juu kwenye `body`, kwa kuwa baadhi ya programu za wavuti huiondoa `body` ya barua na kuliweka jarida ndani ya kisanduku chao wenyewe:

```
<td style="font-family:'Open Sans', Arial, Helvetica, sans-serif; font-size:16px; line-height:24px;">
```

Mambo mawili katika mstari huo huharibika kwa urahisi. La kwanza ni alama za kunukuu. Jina lenye nafasi ndani yake linafungwa kwa alama moja, si mbili, kwa sababu alama mbili tayari zinafungua na kufunga sifa nzima ya `style`. Ukiandika "Open Sans" kwa alama mbili, sifa inakatikia palepale kabla ya jina la fonti, na programu haitaona mlolongo, ukubwa wala nafasi ya mistari. Dalili yake ni ya wazi: aya moja au seli moja inatoka kwa herufi ngeni wakati jirani zake ziko sawa. Kosa hili huingia mara nyingi pale mtu anaponakili mlolongo kutoka kwenye faili ya mitindo, ambako alama mbili hazina madhara.

La pili ni `line-height`. Usipoitaja, kila fonti huleta nafasi yake ya asili kati ya mistari, na nafasi hizo zinatofautiana sana. Open Sans huchukua takriban mara 1.36 ya ukubwa wa herufi, na Arial mara 1.15. Aya ya mistari kumi ya pikseli 16 ingekuwa na urefu wa karibu pikseli 218 kwa Open Sans na 184 kwa Arial, na jarida lililopumua vizuri kwenye Apple Mail lingeonekana limebanwa kwenye Gmail. Ukiandika 24px, aya hiyo inakuwa na pikseli 240 kila mahali, iwe fonti imepakiwa au haikupakiwa. Kwa Outlook ya zamani ongeza `mso-line-height-rule:exactly` kabla ya `line-height`, ili isijiongezee nafasi kwa hesabu zake.

Mpaka hapa nimezungumzia fonti zisizo na vimkia. Kama jarida lako limesanifiwa kwa fonti yenye vimkia kwenye ncha za mistari yake, kama Merriweather, akiba yako kwa kawaida ni Georgia, ambayo nayo ni kazi ya Matthew Carter. Kwenye Windows na vifaa vya Apple inasomeka vizuri sana na kimo chake cha 0.481 kinaizidi Times New Roman waziwazi. Lakini itazame kwa karibu kabla ya kuikubali, hasa tarakimu zake. Katika Georgia, tarakimu 0, 1 na 2 ni fupi kama herufi ndogo, 6 na 8 zinapanda juu, na 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari. Ndani ya sentensi hilo linapendeza. Ndani ya safu ya kiasi cha michango, au tarehe kama 14.09.2025 iliyowekwa kwa ukubwa wa kichwa, tarakimu zinaonekana zikiyumba, na wasomaji wengine hudhani ni hitilafu. Kwenye Android jina la Georgia huelekezwa kwenye fonti ya mfumo yenye vimkia, Noto Serif, ambayo ni pana zaidi na tarakimu zake zimesimama kwa kimo kimoja. Kwa hiyo pima kichwa chako huko pia. Kwa majedwali ya tarakimu mimi hubadili mlolongo ndani ya seli hizo tu na kuweka Arial, hata kama jarida lililobaki lina Georgia.

Kuna pia swali la kama uiweke Open Sans kabisa. Ukijua kutokana na takwimu zako za ufunguaji kwamba wasomaji wengi wanatumia Apple Mail, fonti maalumu itaonekana na inafaa kubaki. Ila takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu tangu mwaka 2021 Apple Mail ya watumiaji waliowasha ulinzi wa faragha hupakua picha za barua hata kabla haijasomwa, na idadi yake huonekana kubwa kuliko usomaji halisi. Kama wengi wako Gmail na Outlook, ningeiondoa, nikaanza mlolongo na Arial, na matatizo yote ya agizo la nje yakaisha siku hiyohiyo. Kuandika vichwa kama picha ili fonti isipotee sikushauri, kwa kuwa ofisi nyingi huzuia picha mpaka msomaji aziruhusu, na kichwa kilichozuiwa ni kisanduku kitupu.

Kwa jarida la mkutano wa wanachama niliamua hivi: Open Sans ibaki kwa ajili ya Apple Mail, Arial iwe ya pili, na Outlook ipewe amri yake. Kabla ya kutuma nilijaribu mahali pane, yaani Apple Mail kwenye iPhone, Gmail kwenye Android, Gmail katika kivinjari cha kompyuta isiyo na Open Sans, na Outlook ya zamani. Kujua ni fonti ipi iliyotumika nilitazama herufi mbili. Miguu ya n katika Times ina vimkia na mwili wake ni mwembamba, kwa hiyo ukiiona umejua kwamba amri ya Outlook haikusomwa. Herufi ndogo g ya Open Sans ina matumbo mawili, lile la chini likiwa limefungwa, wakati g ya Arial na ya Roboto ina mkia ulio wazi; ndiyo njia ya haraka ya kutofautisha Apple Mail iliyopakia fonti na ile iliyoshindwa. Kichwa chetu hakina g, hivyo nilitafuta neno "agenda" katika mstari wa kwanza wa aya, nikalikuta na g ya mkia wazi kwenye Gmail zote mbili na kwenye Outlook, na g ya matumbo mawili kwenye iPhone. Kichwa kilikaa kwenye mstari mmoja mahali pote pane.